Mbio za kupokezana maji na igizo la nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa walimu, wazazi na viongozi wa vikundi vya watoto waliotaka kufanya mchezo huu na watoto wa miaka 6 hadi 12. Mchezo una sehemu mbili. Kwanza watoto wanabeba maji kwa kupokezana, kisha wanaigiza siku moja ya familia wakitumia maji yaleyale waliyoyabeba. Majibu mengine ni marefu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukwama.

Kwa nini sehemu zote mbili? Mbio peke yake hazitoshi?

Hazitoshi, na hili nimelijifunza kwa kukosea. Mara ya kwanza niliendesha mbio tu. Watoto walikimbia, walilowa, walicheka, na mshindi akapatikana. Nilipowauliza mchezo ulihusu nini, wengi walisema ulihusu kukimbia. Walikuwa sahihi kabisa, maana nilikuwa nimempa ushindi aliyemaliza mapema. Maji yaliyomwagika njiani hayakumgharimu mtu kitu.

Igizo peke yake nalo lina upungufu wake. Mtoto akipewa ndoo iliyojaa na kuambiwa "haya ndiyo maji ya familia yenu", ataitumia kama anavyotumia bomba, kwa sababu hajaitolea jasho. Lakini akishayabeba yale maji kikombe kwa kikombe, halafu akamwona mwenzake akiyamwaga kwenye beseni, utamsikia akipiga kelele mwenyewe. Kiungo cha mchezo wote ni hicho: maji ya mbio ndiyo maji ya igizo, na hakuna ya kuongeza.

Ninahitaji vifaa gani?

Kwa kila timu ya watoto sita, tafuta ndoo mbili, kikombe kimoja cha plastiki, beseni moja na jagi la kupimia lenye alama za mililita. Ndoo zikiwa nyeupe au za plastiki inayopitisha mwanga ni bora zaidi, kwa sababu watoto wataona kina cha maji kikipanda. Mimina lita moja moja na uchore mstari kwa kalamu ya wino mzito kila unapomimina. Kazi hiyo ya dakika tano itakuondolea ubishi wote wa baadaye.

Kikombe kiwe cha ujazo wa mililita 250 kikijaa hadi ukingoni. Kama cha kwako ni kikubwa zaidi, kikate au tafuta kingine, kwa kuwa hesabu ya igizo inategemea ujazo huo. Unahitaji pia kadi chache za karatasi ngumu, ambazo nitazieleza hapo chini.

Mbio zenyewe zinaendeshwaje?

Weka ndoo ya kwanza ikiwa na lita 10 za maji, na ndoo ya pili tupu umbali wa mita 8. Mtoto anachota kikombe, anakipeleka, anamimina, anarudi na kumkabidhi mwenzake kikombe. Kila mtoto anakwenda mara nne, kwa hiyo timu ya watoto sita inafanya safari 24. Kikombe kikifika kikiwa kimejaa kila mara, timu itapata lita 6. Hakuna timu niliyowahi kuona ikizifikisha.

Usiwaambie wajaze kikombe kiasi gani. Mwache kila mtoto aamue. Wapo watakaojaza hadi ukingoni na kukimbia, na wapo watakaochota robo tatu na kutembea haraka. Tofauti hiyo itajieleza yenyewe wakati wa kupima.

Jambo moja usilegeze: saa haitoi ushindi. Tangaza kabla ya kuanza kwamba mtapima maji yaliyofika na maji yaliyomwagika. Watoto watasahau na kukimbia hata hivyo, na si vibaya, ilimradi ulisema.

Maji yaliyomwagika yanapimwaje wakati yameshapotelea ardhini?

Kwa kutoa. Ndoo ya kwanza ilianza na lita 10. Pima yaliyobaki ndani yake, pima yaliyofika kwenye ndoo ya pili, jumlisha, kisha toa jumla hiyo kwenye 10. Kinachopungua ndicho kilichomwagika.

Nitachukua mfano wa timu mbili za siku moja ili hesabu ionekane. Timu ya kwanza ilimaliza mapema sana na ilikuwa imeanza kushangilia. Kwenye ndoo yao ya kwanza zilibaki lita 4.2, na zilizofika ni lita 3.5. Jumla ni 7.7, kwa hiyo lita 2.3 zilimwagika. Timu ya pili ilichelewa. Kwao zilibaki lita 4.6 na zilifika lita 5, jumla 9.6, maana yake walimwaga lita 0.4 tu.

Waache watoto waikodolee macho hesabu hiyo kidogo. Timu ya kwanza ilichota maji mengi zaidi kutoka kwenye ndoo, lita 5.8 dhidi ya 5.4, lakini ilifikisha machache. Mtoto mmoja wa timu hiyo alisema, "Kumbe sisi tulichota ili tumwage." Sikuongeza neno.

Igizo linaanzaje?

Kila timu sasa ni familia ya watu sita, na ndoo yao ya pili ndiyo maji yote ya nyumba kwa siku moja. Hapa unahitaji kipimo cha kuigiza: kikombe kimoja kinasimama badala ya lita 5 za nyumbani. Timu ya kwanza ina lita 3.5, yaani vikombe 14, ambavyo ni sawa na lita 70 za nyumbani. Timu ya pili ina vikombe 20, sawa na lita 100.

Wape watoto nafasi za kuigiza. Awepo mama au baba anayesimamia ndoo, awepo bibi au babu, wawepo watoto wakubwa na wadogo. Mtoto mmoja kutoka nje ya timu awe Bomba Linalovuja, ambaye nitamrudia. Igizo lianzie asubuhi, wote wanaamka, na jambo la kwanza ni kupiga mswaki.

Bomba la kawaida la nyumbani likifunguliwa vizuri linaweza kutoa lita 6 hivi kwa dakika. Anayepiga mswaki kwa dakika 2 huku bomba likiwa wazi anamwaga lita 12. Kwa kipimo chetu hivyo ni vikombe viwili na karibu nusu, na kwa urahisi tunahesabu viwili na nusu. Mtoto wa kwanza anaigiza kupiga mswaki, na msimamizi wa ndoo anachota viwili na nusu na kumimina kwenye beseni. Kisha wa pili. Kisha wa tatu.

Kwa familia yenye vikombe 14, wanapofika mtoto wa tano vimeshatumika 12 na nusu. Wa sita anakuta kikombe kimoja na nusu. Ni asubuhi bado. Hakuna aliyekunywa maji, hakuna kilichopikwa, na bibi anauliza, "Wajukuu zangu, maji yangu ya kunywea dawa yako wapi?"

Mara nyingi hapo ukimya hutanda. Usiujaze kwa maelezo. Subiri mtoto mmoja aseme kwamba wangefunga bomba.

Na baada ya hapo?

Rudisha maji ya beseni kwenye ndoo na uanze asubuhi upya. Waeleze wazi kwamba katika nyumba halisi hayarudi hivi, mnayarudisha ili kuijaribu siku tena. Safari hii kila mmoja anapiga mswaki kwa kutumia kikombe cha maji, robo lita. Watu sita wanatumia lita moja na nusu kwa jumla. Kwa kipimo cha mchezo hiyo haifiki hata nusu kikombe. Ni kama mililita 75. Mimina kiasi hicho kwenye beseni wakione. Awali kilikuwa kikombe baada ya kikombe, sasa ni maji ya kufunika kitako cha beseni.

Kisha endeleeni na siku. Kadi ya kunywa ni vikombe 3, kupika ni 2, kunawa mikono ni 2, kuosha vyombo kwa beseni ni 2. Ukijumlisha na mswaki, familia imetumia vikombe tisa na theluthi hivi. Familia ya vikombe 14 inabaki na kama vinne na theluthi mbili, ambavyo ni lita 23 za kuogea watu sita. Haifiki lita 4 kwa kila mmoja. Familia ya vikombe 20 inabaki na zaidi ya lita 50, karibu lita 9 kwa kila mmoja.

Hapo majadiliano yanakuwa makali, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nani aoge leo, nani anawe miguu na uso tu? Aliyecheza uwanjani anaoga kabla ya aliyeshinda ndani? Waache waamue wenyewe na watoe sababu. Niliwahi kuona familia ikimpa bibi maji ya kuoga ya watu wawili kwa kuwa "anaumwa magoti na maji ya moto humsaidia", na mtoto aliyeigiza bibi akakataa, akataka yagawanywe sawa.

Kadi zote zina upande mmoja?

Hapana, na hapa panataka uangalifu kuliko mahali pengine popote kwenye mchezo. Kadi za mswaki, kuoga, kuosha vyombo na kufua zina pande mbili: upande mmoja una kiasi cha bomba wazi, mwingine una kiasi cha kikombe au beseni. Kadi za kunywa, kupika na kunawa mikono zina upande mmoja tu, na kiasi chake hakipunguzwi kamwe.

Sababu ni kwamba watoto huchukua somo kwa uzito wote. Usipoweka mpaka huo, timu itashinda kwa kuacha kunawa mikono baada ya kutoka chooni, au kwa kumnyima mtoto mdogo maji ya kunywa. Nimeona yote mawili. Mtoto akirudi nyumbani na wazo kwamba kuokoa maji ni kutonawa, mchezo umemdhuru. Kwenye kunawa, kinachookolewa ni maji yanayopita bure wakati wa kupaka sabuni: lowesha mikono, funga bomba, sugua sekunde 20, fungua, suuza. Waonyeshe kwa vitendo, maana kwa maneno huwa wanadhani unawaambia wanawe haraka.

Bomba Linalovuja anafanya nini?

Mpe chupa ya plastiki yenye kizibo kilichotobolewa kwa pini. Anakaa kando, ameiinamisha, na matone yanaanguka kwenye bakuli siku nzima ya igizo. Hasemi kitu, na baada ya muda watu humsahau. Familia inapotangaza kwamba imekwenda kulala, anasimama, anachota kikombe kimoja kwenye ndoo yao na kuondoka nacho.

Watoto hulalamika kwamba ameiba. Hesabu inamtetea. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ukichukua matone 20 kuwa mililita moja, hizo ni lita 4 na kitu, karibu kikombe kimoja cha mchezo wetu. Matone ya bomba hutofautiana ukubwa, kwa hiyo wenye bomba linalovuja nyumbani wapime wenyewe: wakinge kwa jagi kwa saa moja, kisha wazidishe kwa 24.

Na choo?

Choo cha kuvuta maji mara nyingi hutumia lita 6 au zaidi kila kinapovutwa, vya zamani hufika lita 9 na kuendelea. Kwa kipimo chetu hicho ni zaidi ya kikombe kimoja kila safari, kwa hiyo kadi hii huibua swali zuri: lazima maji haya yawe safi? Watoto wa miaka 9 na kuendelea huvumbua wenyewe kwamba maji ya kusuuzia vyombo au nguo yanaweza kwenda chooni. Wape ndoo ya tatu ya maji hayo. Wafahamishe mipaka yake: yatumike siku hiyohiyo kabla hayajaanza kunuka, yasichanganywe na ya kunywa, na hayanawiwi mikono. Kama watoto wako wanatumia choo kisichovuta maji, iache kadi hii kabisa.

Je, si kupoteza maji kufundisha kuhifadhi maji?

Watoto wenyewe huuliza, na wanastahili jibu la vitendo. Timu mbili zinatumia lita 20. Endesha mbio kwenye bustani au nyasi zinazohitaji kumwagiliwa, ili kinachomwagika kianguke mahali pake. Mwisho wa igizo, maji yote ya ndoo na mabeseni yanakwenda kwenye mimea au kusafishia sakafu, na watoto ndio wanaoamua. Hayanywewi, kwa kuwa mikono mingi imeingia humo.

Maji yakiwa adimu kweli, tumia vizibo vya chupa badala yake, kizibo kimoja kwa kikombe kimoja, na wabebe kwenye kijiko. Igizo linabaki na nguvu zake. Mbio hupungua ladha, kwa sababu kizibo kilichoanguka huokotwa, maji hayaokotwi.

Kuna hatari gani?

Kuteleza ndiko hutokea zaidi. Usifanyie kwenye sakafu ya vigae au saruji laini, na wenye viatu vya kuteleza wavue. Ndoo zenye maji zisiachwe bila mtu mzima palipo na watoto wadogo, kwani mtoto anayeanza kutembea anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache ndani ya ndoo. Mchezo ukiisha, ndoo zimwagwe na kupinduliwa mara moja. Wala usimpe mtoto mdogo ndoo nzima abebe: lita 10 ni kilo 10, mbali na uzito wa ndoo.

Baadhi ya watoto wangu huchota maji kila siku. Mchezo huu hautawaaibisha?

Unaweza kuwaaibisha ukiuongoza kana kwamba watoto wote wana bomba. Mtoto anayebeba maji kila siku ndiye mtaalamu wa kikundi chako. Mpe kusimamia ndoo, au mwombe aonyeshe jinsi ya kubeba bila kumwaga. Usimtangaze lakini, mwache achague kusema au kunyamaza. Kwa kikundi kama hicho badilisha kadi ya mswaki, kwa kuwa hakuna bomba wazi la kuwashtua. Mahali pake weka kufua au kuoga, palipo na uamuzi wa kweli katika maisha yao.

Mwongozo wa Sphere, unaotumiwa na mashirika ya misaada, unaweka lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini wakati wa dharura. Familia ya vikombe 14 ilikuwa na lita 11 na kitu kwa kila mtu. Ile ya vikombe 20 ilipita 16. Wakubwa wa miaka 11 na 12 naweza kuwaonyesha hesabu hiyo, lakini katika kikundi chenye watoto wanaoishi chini ya kiwango hicho siitaji kabisa.

Inachukua muda gani, na wenye umri mdogo wanaweza?

Tenga saa moja na robo: mbio dakika 20 na upimaji wake, zilizobaki ni za igizo. Wakikupunguzia muda, punguza safari za mbio ziwe mbili kwa kila mtoto na kipimo kiwe kikombe kwa lita 10, lakini usikate igizo. Walio chini ya miaka 6 wafanye mbio na tukio la mswaki tu. Hawataweza kuhesabu lita, ila wataona beseni limejaa na ndoo imekauka.

Nitajuaje kama wameelewa?

Usiwaulize wamejifunza nini, maana watakupa jibu unalolitaka. Kabla ya mchezo, mwulize kila mtoto akadirie: ukipiga mswaki na bomba likiwa wazi, unajaza vikombe vingapi? Andika. Wengi hutaja viwili au vitatu vya kawaida. Lita 12 ni vikombe 48 vya mililita 250. Uliza swali hilohilo wiki moja baadaye bila kuwatahadharisha. Makadirio yakirudi kwenye viwili, kilichobaki kichwani ni kicheko tu, na tukio la mswaki linafaa kurudiwa.

Kipimo cha pili ni cha nyumbani. Mtoto akinge beseni chini ya bomba wakati mmoja wa familia anapiga mswaki kama kawaida yake, kisha apime kwa kikombe na kuandika idadi. Apime ya kwake pia. Maji hayo yaende kwenye choo au mimea. Waombe walete namba tu, bila majina, ili mtoto asirudi na mashtaka dhidi ya baba yake mbele ya wenzake.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokiamini zaidi. Simama karibu na mahali pa kunawia siku chache baadaye, ukiwa kama mtu aliyeshughulika na jambo jingine, na uangalie ni wangapi wanafunga bomba wakipaka sabuni. Safari moja nilimwona msichana mdogo akinyoosha mkono na kulifunga bomba la mwenzake aliyekuwa akipiga soga. Hakumwambia neno, na yule mwenzake akaendelea na hadithi yake huku akisugua sabuni.